Bima ya moto au bima ya vioo kwa kioo cha mbele cha duka?

Tuseme gari limerusha jiwe, kioo cha mbele kikapasuka na herufi za jina la duka zilizobandikwa juu yake zikaharibika. Mwenye bima ya moto na majanga yaliyotajwa kwa kawaida hatalipwa, kwa sababu jiwe halimo kwenye orodha. Moto, dhoruba au ghasia, ikiwa vimetajwa, vingemfungulia mlango.

Bima ya vioo huanzia upande wa pili: haikuorodheshei visababishi, inafidia kuvunjika kwa ajali, kisha inataja isichofidia. Hapa ndipo mabishano hutokea. Kuvunjika, kwa mikataba mingi, ni ufa uliopenya unene wote wa kioo. Mkwaruzo haulipwi, wala kipande kilichobanduka ukingoni bila kupenya. Pitisha ukucha pande zote mbili: ufa ukigusika upande mmoja tu, tarajia maswali. Ufa uliokuwepo kabla ya bima nao hautambuliwi, na kioo kilichovunjika fundi akikifunga au kukihamisha kwa kawaida hakimo. Piga picha siku unapokata bima.

Kibao ni habari nyingine. Herufi na kibao visipoandikwa kwenye mkataba kwa thamani yake, unaweza kulipwa kioo kitupu. Taa ya kibao iliyoungua kwa hitilafu ya umeme kwa kawaida si kuvunjika.

Kwa duka linalotazama barabara, ningechukua ya vioo. Mpangaji asome kwanza mkataba wa pango: huenda kioo ni jukumu la mwenye nyumba.