Kukata video kwenye simu ya bei ndogo: galari ya simu imenitosha

Simu yangu ina GB 16 tu. Nilirikodi mchezo wa ng'ombe Pujini, Pemba, dakika 9 mfululizo, video ikafika MB 810, na simu ikabakia na nafasi ya MB 300 tu. Dada yangu aliyeko Maskati alitaka kipande kimoja tu, pale ng'ombe alipomgeukia mchezaji. Sekunde 40.

Kwanza nilishusha programu ya kuhariri video. Bando la MB 70 likaenda, na matangazo yakaendelea kula bando kila nikiifungua. Halafu kabla haijakata chochote ikataka kuinakili video nzima kwenye sehemu yake yenyewe. MB 810 ziingie wapi? Ikaniandikia nafasi haitoshi, nikaifuta kwa hasira.

Mpwa wangu akanambia, "Mjomba, si ufungue galari tu?" Nikafungua video, nikagusa alama ya penseli, nikapata Trim. Nikavuta ncha ya kushoto hadi 4:12, ya kulia hadi 4:52, nikahifadhi kama nakala. Data nilikuwa nimeizima. Sekunde tatu, kazi imekwisha, na kipande kina kama MB 60.

Hiyo hesabu ndiyo iliyonifahamisha kinachofanyika. Video nzima ni MB 90 kwa dakika, na sekunde 40 za hapo ni MB 60 sawasawa. Maana yake galari haikuitengeneza picha upya, imekimega kipande kama kilivyo. Ndiyo maana simu haikupata moto na picha haikufifia. Ukiona asilimia zinapanda polepole na simu inachemka, jua video inatengenezwa upya. Hata galari hufanya hivyo ukiongeza maandishi au rangi.

Kasoro yake ni moja: kipande kilianza kama sekunde moja kabla ya pale nilipoweka. Simu haihifadhi kila picha kamili. Huweka picha kamili moja moja, na katikati huweka mabadiliko tu, kwa hiyo ukimega bila kutengeneza upya lazima uanzie kwenye picha kamili. Kwangu haikudhuru kitu, lakini anayetaka kuanzia kwenye neno fulani la wimbo itamkera.

Angalia pia nakala imecheza mpaka mwisho kabla hujafuta video ya asili. Na ukiifuta, kaisafishe na kwenye pipa la galari, maana mimi nilifuta nikaona nafasi ni ile ile.

Kutuma nilitumia WhatsApp. Yenyewe huipunguza video kabla haijaondoka, na juu ya kile kipande iliniandikia MB 7. Ukubwa huo hubadilika unapovuta ncha, kwa hiyo unaijua gharama ya bando kabla hujatuma. Asiye na Trim kwenye galari anaweza kukatia hapo hapo, ila picha itakuwa hafifu. Dada aliipata usiku ule ule, akaniuliza yule ng'ombe wa nani.