Uzoefu wangu: Barua ya kudai fidia ya cherehani iliyovunjika, kutoka Kiswahili hadi Kiingereza

Mwezi Machi niliagiza cherehani ya ovaloki kutoka Uingereza kwa pauni 240, ikaletwa Dar es Salaam kwa ndege na kampuni ya usafirishaji ya huko. Boksi lilikuwa limebonyea kona moja, nami kabla ya kutia saini niliandika kwenye karatasi ya dereva kwamba limebonyea. Nilipolifungua nikakuta kitako cha chuma kina ufa wa sentimita tisa, nikaupiga picha nikiwa nimeweka rula kando yake.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia mizigo ya ndege ya kimataifa, unamtaka mpokeaji alalamike kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu alipopokea mzigo ulioharibika, la sivyo hupoteza haki ya kudai. Kwa hiyo niliandika barua kwa Kiswahili, lugha ninayoweza kupima kila neno lake, kisha nikampelekea mfasiri kurasa mbili kwa shilingi 40,000.

Rasimu yake ya kwanza ilikuja siku iliyofuata, ikiwa na Kiingereza kizuri lakini makosa matatu mazito. Niliandika kwamba mzigo ulifika saa nne asubuhi. Yeye akaweka saa ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri, wakati ambao hakuna dereva aliyekuwa njiani, na ambao ungepingana na kumbukumbu za kampuni yenyewe. Neno "imeharibika" alilifasiri kwa neno la chakula kilichooza. La tatu ndilo lililoniumiza zaidi: "naomba nilipwe" ikawa sauti ya mtu anayeomba msaada, ilhali nilikuwa nadai haki yangu. Kosa hilo nililichangia mwenyewe, kwa kuwa adabu ya barua zetu hutufanya tuombe hata tunachostahili. Nikabadilisha Kiswahili changu kiwe "nadai nilipwe pauni 240", naye akafasiri upya bila kunitoza nyongeza.

Nilimwomba pia asiguse namba ya mzigo, tarehe, wala uzito. Uzito una maana kubwa, kwa sababu mkataba huo unaweka kikomo cha fidia kwa kila kilo, ambacho tangu Desemba 2024 ni vizio 26 vya SDR, kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Boksi langu la kilo 12 lilifikia SDR 312, zaidi ya dola 400, hivyo bei yangu ilikuwa chini ya kikomo.

Barua zote mbili, picha na risiti vilitumwa kwa barua pepe siku ya kumi. Kampuni iliuliza mara moja tu, kuhusu vifungashio vya ndani, na baada ya wiki tano ikanilipa pauni 240 kamili. Huyu mfasiri nitamrudia, ila rasimu yake nitaisoma neno kwa neno, hasa saa, kabla ya kuituma.