Kioo au akiki? Mfupa au plastiki? Pima kabla hujalipa

Karibuni tena, wenzangu watunga shanga. Leo mezani nina mitungo minne. Miwili ni myekundu, na yote niliuziwa kwa jina la akiki. Miwili ni myeupe, na yote naliambiwa ni mfupa wa ng'ombe. Kila mtungo una punje 40, na kila punje ina upana wa milimita 10. Ukubwa huo nimeuchagua kusudi, maana uzito hauna maana kama unalinganisha punje kubwa na ndogo.

Tuanze na hii myeupe, ndiyo iliyonitia hasara. Mwaka jana nilitunga mikufu sita kwa shanga nilizohakikishiwa ni mfupa. Mteja mmoja akanirudishia wake: rangi ya kahawia ilikuwa imebanduka, na chini yake ni plastiki tupu. Nilimrudishia pesa zake zote. Tangu hapo natembea na mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba.

Tazameni. Huu wa kwanza, gramu 38. Huu wa pili, gramu 24. Kwa macho ni pacha, lakini mfupa unakaribia uzito mara mbili ya maji, na plastiki inayapita maji kidogo tu. Mtungo wa ukubwa huu ukikupa gramu ishirini na kitu, usiendelee kubishana na muuzaji, hiyo ni plastiki. Kama huna mizani, weka mtungo mmoja kila kiganja, fumba macho, kisha badilisha mikono. Tofauti ya hivi utaihisi.

Sauti hapa haisaidii sana, nawaambia kweli. Sikilizeni nikiitikisa karibu na maikrofoni... huu wa mfupa unasema ko-ko-ko, mkavu. Wa plastiki unasema tak-tak, hafifu zaidi. Sokoni penye kelele utazichanganya. Joto nalo ni vivyo hivyo, zote mbili zinapata joto la ngozi upesi. Kwa hiyo baada ya uzito mimi natumia lenzi. Sogeeni hapa: mnaona vile vitone vyeusi na mistari mifupi? Ni vijia ambamo mishipa ya damu ilipita mnyama akiwa hai. Kila punje inavyo kwa mpangilio wake. Kwenye plastiki mistari imechorwa, na punje hii na hii zina mstari uleule, pembe ileile.

Sasa nyekundu. Hapa mizani inanyamaza: huu gramu 50, huu 53. Akiki na kioo vinakaribiana mno kwa uzito, na uzi wenyewe au tundu pana kidogo linaweza kufuta hizo gramu tatu. Ukizigonganisha, zote zinalia kling, safi. Mlio huo unakuhakikishia kwamba si plastiki, basi.

Kinachozitenganisha ni ubaridi. Akiki inapitisha joto mara kadhaa kuliko kioo, kwa hiyo inanyonya joto la ngozi yako na inaendelea kuwa baridi. Nimeziacha zote kivulini nusu saa, juu ya sahani moja. Naweka punje ya kwanza juu ya mdomo, hapa chini ya pua. Baridi... moja, mbili, tatu, nne... inaanza kuzoea. Hiki ni kioo. Ya pili... bado baridi, bado, nimefika kumi bado. Hii ndiyo akiki, jiwe lilelile ambalo majahazi yalilileta pwani yetu kutoka Khambhat, India, karne nyingi zilizopita.

Lakini angalieni hili: shanga zilizoanikwa juani, au ambazo muuzaji amezishika tangu mlipoanza kuongea, usizipime hapohapo. Jiwe lililopata moto litakudanganya uliite kioo. Mwombe azilaze kivulini, wewe zunguka, urudi. Zile punje ndogo za kazi ya Kimaasai nazo usipime moja moja, hazina ubaridi wa kutosha. Jaza kiganja.

Kitu cha mwisho kinachonishinda kwa vipimo hivi vitatu ni unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi ya plastiki. Uzito wake unaweza kukaribia wa jiwe. Hapo natazama tundu. Akiki nyingi hutobolewa kutoka pande mbili, na ukimulika ndani mara nyingine unaona kidato kidogo pale njia zilipokutana. Tundu la kitu kilichomiminwa kwenye kalibu ni laini kutoka mwanzo hadi mwisho, na pembeni mara nyingi umebaki mshono. Huu hapa, pitisheni kucha muuhisi.

Kwa hiyo mitungo yangu: mfupa mmoja na akiki moja nimebaki nazo. Ile ya kioo pia naitumia, kioo ni ushanga mzuri, ila nauza kwa jina lake na bei yake. Ya plastiki inarudi dukani kesho asubuhi.