Kubadili mandharinyuma ya picha kwa mtandao hafifu: tovuti au programu ya simuni?

Tuchukue picha ya kiatu cha kuuza, yenye megabaiti 4, inayohitaji mandharinyuma meupe. Kwa mtandao unaopandisha kilobiti 100 kwa sekunde, tovuti itaipokea baada ya dakika tano na zaidi, na ukikatika katikati, mara nyingi unaanza upya. Ukiipunguza kwanza hadi upana wa pikseli 1280, JPEG ya kilobaiti 200 hupanda kwa sekunde 16 hivi. Hata hivyo, mara nyingi tovuti hukurudishia PNG, ambayo kwa kawaida ni nzito zaidi.

Programu ya simuni haitumi kitu, ila baadhi hudai kufanya kazi bila mtandao ilhali hupakia picha kimyakimya. Iwashie simu hali ya ndegeni uone kama programu bado inaondoa mandharinyuma. Kingo za kiatu huzimudu vizuri, lakini nywele zilizotimka mara nyingi huzikata kama kofia, na hapo tovuti huwa bora. Kwa bidhaa ningechagua programu, kisha nihifadhi kwa JPEG, kwani PNG inahitajika pale tu mandharinyuma yanapobaki matupu, bila rangi yoyote.