Benki inayoungana au kampuni yenye mkurugenzi mpya?

Mhasibu wa Dar es Salaam aliyeitwa kazini na benki inayoungana na nyingine, na pia na kampuni iliyobadilisha mkurugenzi mkuu, aitazame benki kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa muungano huacha idara mbili za uhasibu zikifanya kazi ya moja, na mgeni mara nyingi ndiye wa kwanza kupunguzwa. Sheria ya ajira ya 2004 haimpi kiinua mgongo asiyetimiza miezi 12 kazini.

Mkurugenzi mpya hatishi hivyo, ila akiondoka pia mkuu wa fedha (hilo mimi hulihofia), subiri. Benki nayo aiulize: nafasi hii imo katika muundo wa baada ya muungano? Jibu liandikwe.