Kuchungulia wasifu kwa siri LinkedIn: mwenzako anaona nini hasa

Kabla ya usaili napenda kujua nitaketi mbele ya nani, na sipendi mhusika ajue nimempekua. Ndiyo maana huwa natumia LinkedIn kwa siri, tena kwa akaunti ya bure. Ili nijue upande wa pili unaona nini, nilimwomba rafiki yangu aketi na simu yake huku mimi nikiufungua wasifu wake kwa kila namna.

Ukiingia Settings, kisha Visibility, halafu Profile viewing options, utakuta machaguo matatu. La kwanza halina siri: jina, picha na cheo chako vyote vinaonekana. La mwisho, Private mode, ndilo la kujificha kweli. Rafiki yangu aliona kivuli kisicho na sura na maneno LinkedIn Member, basi. Anajua kuna mtu kapita, ila hamjui. Hata akilipia Premium, jina halifichuki.

Lenye mtego ni lile la katikati, Private profile characteristics. Hilo huficha jina na picha, lakini huacha vitu kama cheo, mahali pa kazi au sekta. Ukiwa keshia katika benki yenye matawi kila kona, hakuna atakayekutambua. Mimi ni mhasibu pekee katika ofisi ya watu wachache. Rafiki yangu alisoma cheo na jina la ofisi, akanigeukia: "Si wewe huyu?" Kwa mtu kama mimi, chaguo hilo ni kujitaja kwa mafumbo.

Siri nayo ina gharama yake. Kwenye akaunti ya bure, ukijificha na wewe hunyimwa orodha ya waliokutazama, na historia iliyokuwepo inafutwa. Mwenye Premium huendelea kuiona yake, ingawa waliojificha hubaki wamefichwa hata kwake. Kwa maoni yangu masharti haya ni ya haki, maana huwezi kuchungulia wenzako gizani huku ukidai wao wakae kwenye mwanga. Ila anayetafuta kazi afikirie mara mbili, kwa sababu jina la mwajiri aliyepitia wasifu wake linaweza kuwa kwenye orodha hiyo. Mimi huisoma kwanza na kuandika pembeni majina ninayoyahitaji, ndipo nawasha siri. Nikishamaliza kupekua, narudi kwenye chaguo la kwanza.

Halafu siri hii ni ya kutazama tu. Ukituma ombi la kuunganishwa, ukaandika ujumbe au ukapenda chapisho la mtu, jina lako linakwenda zima zima. Kitufe cha Connect kinakaa juu kabisa kwenye wasifu, kwa hiyo kwenye simu nasogeza ukurasa kwa kidole cha pembeni, mbali nacho.