Kwenye kanuni ya gesi, PV = nRT, utumie R ipi: 0.0821 au 8.314?

Chukua swali hili: gesi ya lita 2.5, kanieneo kilopaskali 152, joto nyuzi 31 za Selsiasi, kama mchana wa Dar es Salaam. Moli ngapi?

Njia zote mbili zinaanza kwa kujumlisha 273, kupata kelvini 304. Ukiweka 31 utapata karibu moli 1.5, mara kumi ya jibu sahihi.

Kwa 0.0821, lazima kilopaskali zigeuzwe kuwa angahewa: 152 ÷ 101.3 ni 1.5. Kisha:

n = (1.5 × 2.5) ÷ (0.0821 × 304) = 0.15

Kwa 8.314, kilopaskali na lita zinaingia zilivyo, kwa kuwa kilopaskali mara lita ni jouli:

n = (152 × 2.5) ÷ (8.314 × 304) = 0.15

Hapa mimi nachagua 8.314, maana inapunguza hatua moja. Ila ukitumia paskali, lita lazima ziwe mita za ujazo.

Wengi huchanganya 152 na 0.0821, wakapata moli 15. Lakini kwa joto hili moli moja hujaza takriban lita 25 kwenye angahewa 1. Moli 15 haziwezi kuwa kwenye chombo hiki.